Saa Moja na Dakika Arobaini za Sauti, Aya Moja ya Babu

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, na ninyi nyote mliofika jioni hii, shikamooni na habari za kutwa.

Kijitabu cha kumbukumbu ya marehemu kwa kawaida huwa na picha kadhaa, wasifu ule uliosomwa siku ya mazishi, orodha ya watoto na wajukuu, na mahali fulani katikati huwamo aya moja inayojaribu kueleza maisha ya marehemu kama walivyoyajua watu wake. Nitazungumzia aya hiyo tu. Wasifu una tarehe za kuzaliwa, kuoa na kufariki, na mtu yeyote mwenye cheti mkononi anaweza kuuandika. Aya ninayoisema haina cheti cha kuegemea, kwa kuwa hutoka katika vinywa vya ndugu waliokaa pamoja wakasimulia, na siku hizi hutoka katika simu iliyowekwa mezani kunasa mazungumzo yao.

Nitawaeleza kazi moja niliyoifanya pamoja na familia ya Korogwe, mkoani Tanga, ambayo imeniruhusu kuieleza kwa sharti kwamba nisitaje majina. Marehemu, ambaye hapa nitamwita Babu kama walivyomwita wao, alizaliwa Kasulu, akaenda Tanga kukata mkonge katika enzi za wakoloni, akazeekea huko. Siku ya kumaliza arobaini yake ndugu walikaa chini ya turubai baada ya chakula, mjukuu mmoja akawasha simu, na wakazungumza kwa muda wa saa moja na dakika arobaini. Rekodi hiyo kama ingeandikwa yote ingezidi maneno 10,000, na kijitabu kilikuwa na nafasi ya maneno 150 hivi.

Mwandishi mwenye haraka hufanya jambo ambalo nimeliona mara nyingi. Huisikiliza rekodi mara moja, akachukua masimulizi yaliyomvutia, akayaunganisha kwa maneno ya sifa: alikuwa mcha Mungu, mchapakazi, mpenda watu. Aya kama hiyo ukiifutia jina unaweza kuibandika katika kijitabu cha marehemu mwingine yeyote, na hakuna atakayegundua. Ubaya mwingine hauonekani upesi. Katika kikao cha ndugu, msemaji hodari ndiye hujaza rekodi. Katika rekodi hii baba mdogo, yaani kitindamimba wa Babu, alizungumza kwa karibu dakika 40, tena kwa ufasaha na vichekesho, ilhali bibi, mjane wa marehemu, alizungumza kwa dakika zisizozidi sita, na baadhi yake zilimezwa na kelele za masufuria na watoto. Anayehesabu uzito wa ushahidi kwa urefu wa maneno ataandika aya ya baba mdogo, na baba mdogo hakuwa amezaliwa wakati mambo yenyewe yakitokea.

Kwa hiyo tulianza na daftari la dakika. Kwanza faili la sauti lilinakiliwa mahali pawili, na lile la asili halikuguswa tena. Halafu tukaisikiliza rekodi tukiwa na yule mjukuu aliyekuwapo, kwa sababu asiyekuwapo hawezi kuzitambua sauti za watu wanaodakizana, na kila dakika chache tuliandika nani anasema na anasema nini, bila kunukuu neno kwa neno. Mkishapata daftari hilo ndipo mnajua ni sehemu zipi zinazostahili kuandikwa kikamilifu. Kuandika saa moja ya sauti kikamilifu huchukua saa nne hadi sita za kazi kwa mtu aliyezoea, na zaidi pale watu wanapozungumza kwa pamoja, hivyo si vizuri kuupoteza muda huo kwenye robo saa ya kubishana kuhusu mchango wa turubai.

Pembeni ya kila simulizi tuliweka herufi moja. O ilikuwa ya mtu aliyeona mwenyewe, A ya mtu aliyeambiwa na Babu mwenyewe, na S ya mtu aliyesikia kwa wengine. Kazi hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyoiokoa aya yetu, kama mtakavyoona katika kisa cha safari.

Baba mdogo alisimulia hivi, na wote waliomzunguka waliitikia kwa makofi: Babu alipokuwa kijana alitembea kwa miguu kutoka Kasulu hadi Kigoma mjini, akapanda treni akiwa na sanduku la bati, akateremka Korogwe asiyemjua mtu hata mmoja, akalikalia sanduku lake stesheni mpaka jioni alipopata mtu wa kumchukua. Ni simulizi nzuri, ina mwanzo na mwisho, na mwandishi yeyote angelipenda lile sanduku. Pembeni yake tuliandika A, kwa kuwa alisema baba yake alimsimulia alipokuwa mtoto.

Dakika chache baadaye inasikika sauti ya mzee mmoja jirani ambaye si ndugu wa damu. Aliletwa Tanga katika kundi moja na Babu, na alialikwa arobaini kwa heshima hiyo. Hakupinga kwa ukali. Alicheka kidogo, akasema: “Mwanangu, treni gani hiyo ya kufika Korogwe? Sisi tulishushwa Morogoro. Tukapakiwa lori usiku kupitia Handeni, na kila mtu alikuwa na blanketi alilopewa na waandikishaji, basi. Hakuna aliyekuwa na sanduku.” Baada ya hapo mtu mwingine akaingilia na kuuliza kama chai imefika, na mazungumzo yakahama. Kwa msikilizaji wa mara moja maneno hayo yanapita kama utani wa wazee. Sisi tuliyawekea O.

Hapo ndipo historia ya nchi inapomfaa mwandishi wa familia. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na reli ya Tanga, ambayo Korogwe ipo juu yake, ilikuwa imefika Moshi kabla ya hapo. Lakini kwa karibu nusu karne reli hizo mbili hazikukutana. Kipande cha reli kinachotoka Ruvu hadi Mnyusi, ndicho kilichoziunganisha, kilikamilika mwaka 1963. Kabla ya mwaka huo hakuna abiria aliyeweza kwenda kwa reli moja kwa moja kutoka Kigoma hadi Korogwe. Mahali fulani ilikuwa lazima ateremke amalizie kwa barabara. Sasa Babu alifika lini kwa mara ya kwanza? Mzee yule hakutaja mwaka, na hatukumlazimisha autaje, kwa kuwa mtu anayebanwa ataje mwaka hutaja wowote ili aachwe apumzike. Tulipomrudia nyumbani kwake tulimwuliza alikuta nini shambani siku zile za mwanzo. Akasema walikuta watu wakinunua kadi za TANU kwa kificho, na kwamba msimamizi wa shamba alikuwa bado Mzungu aliyeogopwa. TANU ilianzishwa Julai 1954, na Uhuru ulipatikana Desemba 1961. Safari ya kwanza ya Babu basi imo kati ya miaka hiyo, wakati ambapo reli ya kuunganisha haikuwapo. Mzee alikuwa sahihi kuhusu lori.

Je, baba mdogo alidanganya? Hapana, na jibu lilitoka kwa shangazi mkubwa, binti wa kwanza wa Babu. Katika dakika ya 70 hivi, akizungumzia jambo tofauti kabisa, yaani namna alivyomwogopa baba yake utotoni, alitaja kwamba walipokuja Tanga aliketishwa juu ya sanduku la bati ndani ya treni na kukatazwa kushuka, akalala hapo hapo, na alipoamka waliambiwa wateremke wabadilishe treni. Alikadiria kuwa alikuwa na umri wa miaka minne au mitano. Hiyo ni O nyingine, nayo inahusu safari nyingine. Bibi ndiye aliyekifunga kisa chote kwa sentensi ambayo nusura tuipoteze chini ya kelele za masufuria: “Sanduku lile alilinunua kwa fedha ya mkonge. Aliporudi Kasulu nalo ndipo akaja kwetu kuposa.”

Basi safari zilikuwa mbili. Katika ya kwanza Babu alikuwa kijana aliyeandikishwa kazi, mwenye blanketi, aliyeteremshwa Morogoro na kufikishwa Korogwe kwa lori. Mkataba wake ulipokwisha alirudi kwao na sanduku, akaoa, akapata mtoto, akalima. Katika ya pili, ambayo haiwezi kuwa kabla ya 1963, alikuja kwa treni na mke, na mtoto akiwa juu ya sanduku. Baba mdogo alisikia masimulizi ya safari zote mbili akiwa mdogo, na katika kumbukumbu yake zikawa moja. Kutoka kwenye safari ya kwanza alichukua upweke, na kutoka kwenye ya pili alichukua treni na sanduku. Mambo yote aliyoyasema yalitokea, ila hayakutokea siku moja. Mkikutana na simulizi iliyokamilika mno kama ile, itazameni vizuri, kwa maana mara nyingi imeshonwa kwa vitambaa viwili.

Jambo la pili ambalo ndugu walitofautiana ni namna Babu alivyoacha kazi ya mkonge. Karibu wote walisema aliacha “mwaka wa Azimio, serikali ilipochukua mashamba.” Ni kweli kwamba Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967 na kwamba mwaka huo huo serikali iliingia katika umiliki wa mashamba mengi ya mkonge. Lakini bibi alisema walikuwa wameshatoka kwenye nyumba za kambi ya shamba kabla shangazi hajaanza shule, na shangazi anajua kwamba alianza darasa la kwanza mwaka ule wa Azimio, kwa sababu walifundishwa nyimbo zake. Yule mzee jirani naye alisema waziwazi kwamba walipunguzwa, wakiwa wengi, kwa sababu “mkonge ulikuwa haununuliwi.” Maneno yake yanaoana na yale yanayofahamika: bei ya mkonge katika soko la dunia ilianza kuporomoka katikati ya miaka ya 1960, kamba za nyuzi za viwandani zilipokuwa zikishindana nao, na mashamba ya Tanga yakaanza kupunguza watu kabla ya Azimio.

Kosa kama hilo la tarehe lisifutwe bila kuulizwa lina nini ndani yake. Mtafiti Mwitaliano Alessandro Portelli alikuta jambo la namna hiyo katika mji wa viwanda wa Terni, ambako wafanyakazi wengi walikumbuka kwamba mwenzao Luigi Trastulli aliuawa na polisi mwaka 1953 katika migomo ya kupinga kufukuzwa kazi, ilhali aliuawa mwaka 1949 katika maandamano ya kupinga nchi yao kujiunga na NATO. Watu walikihamisha kifo hicho hadi mahali ambapo kiliwaingia akilini zaidi. Nadhani familia ya Korogwe ilifanya vivyo hivyo kwa sababu iliyo karibu na nyumbani. Baba aliyeondoka shambani kwa sababu nchi ilikuwa inageuka anasimuliwa kwa kichwa kilichoinuliwa, kuliko baba aliyeambiwa siku moja kwamba hana kazi tena. Hayo ni maoni yangu, na sikuyaweka katika kijitabu. Katika aya tuliweka yale yaliyoshuhudiwa, na kwa heshima tukaongeza maneno “pamoja na wenzake wengi,” ambayo ni ya kweli na yanamwondolea marehemu aibu ambayo hakustahili.

Nije kwenye kitu ambacho hakuna aliyebishana juu yake, nacho ni kipande. Wale ambao hamkulelewa karibu na mkonge mnaweza msijue kwamba mfanyakazi wa shamba hakulipwa kwa mwezi wa kalenda. Alipewa kadi yenye nafasi 30, na kila siku aliyomaliza kazi aliyopimiwa aliwekewa alama, na malipo yalikuja alama zote 30 zilipotimia, hata kama zilichukua wiki sita au zaidi. Wajukuu walilitaja jambo hilo kama historia ya jumla, namna walivyoisoma shuleni. Bibi alilitaja kama mtu aliyekuwa akipika. Alisema kwamba mwaka mmoja Babu alishikwa na homa, akawa anakwenda siku mbili na kulala siku tatu, na kipande kimoja kikachukua miezi miwili na ushei kujaa, wakala ugali bila chumvi kwa sababu mwenye duka hakukopesha tena. Akaongeza: “Kipande kilikuwa hakijui homa.” Kisha akanyamaza, na baba mdogo akaingia na simulizi nyingine.

Kwa maoni yangu sentensi hiyo ina thamani kuliko dakika 40 za baba mdogo, pamoja na uhodari wake wote. Ndiyo nukuu pekee tuliyoiacha neno kwa neno katika aya. Mengine yote tuliyafupisha kwa maneno yetu, tukiondoa yale “yaani” na “eeh” na sentensi zilizoanzwa mara tatu. Kanuni niliyoifuata ni kwamba alama za kunukuu zifungie tu maneno yanayosikika katika rekodi kama yalivyo. Ukisha kulirekebisha hata neno moja, ondoa alama hizo na useme kwamba fulani alieleza jambo hilo.

Yapo pia tuliyoyaacha. Kulikuwa na dakika kadhaa za kumtaja ndugu mmoja aliyekosana na Babu, na mtu akasikika akisema, “Hiyo mwizime.” Simu haikuzimwa, lakini ombi lile tulilichukua kuwa amri, na sehemu hiyo haikuandikwa popote, hata katika daftari. Vilevile wajomba wawili walitaja nani aliachiwa shamba la mahindi lililo karibu na mto. Tahadhari yangu hapa ni kubwa. Kijitabu kilichochapwa na kugawiwa ndugu wote hugeuka hati machoni pa wanaogombania ardhi, na siku moja mtu atakipeleka barazani akionyesha kwamba ukoo mzima uliafiki. Kwa hiyo tuliandika kwamba Babu alilima, hatukuandika kwamba alimgawia nani.

Aya ya kwanza iliyotoka ilikuwa na maneno karibu 300. Tuliipunguza kwa kumwuliza kila mwenye simulizi swali moja: kama lingebaki jambo moja tu kati ya uliyosema, libaki lipi? Baba mdogo alichagua sanduku, jambo lililotufurahisha, na shangazi akachagua treni. Hii ndiyo iliyochapwa:

“Babu alifika Korogwe mara mbili. Mara ya kwanza, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza, alitoka Kasulu kwa miguu hadi Kigoma, akapanda treni hadi Morogoro, na kutoka hapo, kama anavyokumbuka mzee aliyesafiri naye, walifikishwa kwa lori usiku, kila mmoja na blanketi lake. Alikata mkonge mpaka mkataba ukaisha, akarudi kwao na sanduku la bati alilonunua kwa fedha hiyo, akamwoa Bibi. Mara ya pili, baada ya reli kuunganishwa mwaka 1963, alikuja kwa treni na familia yake, na binti yake mkubwa anakumbuka kulala juu ya sanduku hilo njiani. Maisha ya kambini yalipimwa kwa kadi ya siku 30. Bibi anasimulia mwaka ambao kadi moja ilichukua zaidi ya miezi miwili kujaa kwa sababu Babu aliugua: ‘Kipande kilikuwa hakijui homa.’ Bei ya mkonge iliposhuka alipunguzwa kazi pamoja na wenzake wengi, kabla ya Azimio la Arusha. Hakurudi tena Kasulu kuishi. Alilima mahindi Korogwe, na hapo ndipo wanawe wengine walipozaliwa.”

Mtaona kwamba hakuna mahali inaposema Babu alikuwa mvumilivu. Mtaona pia kwamba mwaka ulioandikwa ni mmoja tu, nao ni mwaka wa reli, kwa kuwa ndio tuliokuwa na hakika nao. Safari zenyewe tumeziweka kabla au baada ya jambo linalojulikana, na anayesoma anaelewa. Na mtaona kwamba neno “anakumbuka” na neno “anasimulia” yamekaa pale ambapo shahidi ni mmoja, ili msomaji ajue anamwamini nani.

Kabla ya kuchapwa aya ilisomwa kwa sauti mbele ya bibi, kwa sababu hasomi tena kutokana na macho, na pia kwa sababu jambo lililosemwa kwa mdomo hukaguliwa vizuri kwa sikio. Baba mdogo alikuwapo, na nilihofu angeudhika kwa kuona simulizi yake imegawanywa mara mbili. Alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mama yake akauliza, “Kwa hiyo mimi nilikuwa nachanganya?” Bibi akamjibu kwamba baba yake mwenyewe alikuwa akizichanganya alipozeeka. Basi hata ile A yetu ilikuwa na tundu: Babu mwenyewe ndiye aliyeanza kuzishona safari zile, na mwanawe alipokea alichopewa. Bibi alisahihisha jambo moja tu. Tulikuwa tumeandika kwamba Babu alilima mahindi na maharage, akasema maharage yalikuwa yake yeye, Babu hakuyapenda wala hakuyapanda, tuyaondoe. Tukayaondoa.

Karibuni kwa maswali.